Herufi zinajirudia ninapochapa: kosa ni la Sticky Keys, la mipangilio ya kurudia, au la kibodi yenyewe?

Karani_wa_Usiku

Habari zenu, ndugu. Kazi yangu ni kuchapa na kuhariri hati ndefu, na tangu nilipokabidhiwa kompyuta nyingine, ambayo inatumia Windows, maandishi yangu yamejaa herufi ambazo sikuzikusudia. Nikiandika "kazi" hutoka "kaaaazi", "maelezo" huwa "maeeelezo", na "wasomaji" huwa "wassssomaji". Wakati mwingine herufi inayozidi ni moja tu, kama katika "kunna" na "mannufaa".

Msururu wa herufi nne haunisumbui sana kwa sababu jicho huuona mara moja. Kinachonitisha ni herufi moja iliyozidi. Niliandika "kupa nafasi", ikatoka "kupaa nafasi", na kikagua tahajia hakikupiga mstari wowote kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Hati ilifika kwa mkubwa wangu ikiwa hivyo.

Kuna siku kilijitokeza kisanduku chenye jina Sticky Keys, na sikumbuki kama nilikikubali au nilikikataa. Je, hicho ndicho chanzo? Naomba mwongozo wa kutambua kosa liko wapi, maana nimeshasogeza vitelezi vingi bila kujua kila kimoja kinafanya nini.

Mzee_wa_Mipangilio

Ndugu Karani, jambo hili ni jepesi. Kwanza zima Sticky Keys, kwa kuwa ndiyo inayofanya vitufe vibaki vimeshikika. Pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri ifuatayo, kisha sogeza kitelezi cha Repeat rate hadi upande wa Slow.

```
control keyboard
```

Kasi ikipungua, herufi hazitapata nafasi ya kujirudia. Nilifanya hivyo katika kompyuta yangu na misururu ikaisha.

Sabuni_ya_Unga

Kama vitufe vinanata, msipoteze muda na mipangilio. Kitu kitamu kimemwagikia kibodi. Zima kompyuta, chomoa kibodi, ng'oa kofia za vitufe vinavyosumbua, kisha safisha kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Acha ikauke kabisa kabla ya kuchomeka tena. Maji yenye sabuni usiyaguse, licha ya jina langu.

Fundi_Vitufe

Kabla ya kusafisha au kusogeza chochote, tuyatenganishe mambo, kwa kuwa katika uzi huu tayari mambo matatu yamevishwa jina moja.

Sticky Keys hairudufu herufi. Inachofanya ni kukumbuka vitufe vya Shift, Ctrl, Alt na kile cha Windows, ili mtu asilazimike kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja: unagusa Shift, unaachia, kisha unagusa herufi, nayo hutoka kubwa. Ukigusa Shift mara mbili mfululizo, inaweza kubaki imefungwa hadi uiguse tena. Kwa hiyo dalili zake ni herufi kubwa zisizotarajiwa, au herufi ya kawaida kutekeleza amri badala ya kuandikika, kwa mfano unapoandika "s" na kompyuta ikaanza kuhifadhi faili kwa sababu Ctrl ilikuwa bado inakumbukwa. Kisanduku ulichokiona hujitokeza mtu anapobonyeza Shift mara tano mfululizo. Katika mifano uliyotuwekea sioni herufi kubwa hata moja, kwa hiyo hiyo Sticky Keys naiweka kando.

Herufi kujirudia kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kwamba kitufe kimeshikiliwa muda mrefu kuliko subira iliyopangwa, na mfumo ukaanza kukirudia kama ulivyoagizwa. Ya pili ni kwamba kitufe kimebonyezwa mara moja, lakini mguso wa umeme ndani yake ukaruka, kompyuta ikahesabu mibonyezo miwili. Ukitazama maandishi pekee, huwezi kuzitofautisha kwa uhakika, lakini ukipima muda zinajitenga zenyewe.

Nimeona jambo moja katika mifano yako. Misururu mirefu imetokea kwenye a, e na s, ambazo zote ni za mkono wa kushoto. Herufi n, ambayo ni ya mkono wa kulia, haina msururu, inaongezeka moja tu. Huenda una makosa mawili kwa wakati mmoja.

Fungua ukurasa mtupu wa `about:blank` katika kivinjari, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya Console, kisha uweke mistari hii:

```
for (const t of ["keydown", "keyup"])
  document.addEventListener(t, e =>
    console.log(t, e.code, e.repeat, Math.round(e.timeStamp)));
```

Baada ya hapo bofya katikati ya ukurasa na uchape kama unavyochapa siku zote, bila kujitahidi kuwa mwangalifu. Kila mstari utakaojitokeza utaonyesha kama kitufe kimebonyezwa au kimeachiwa, ni kitufe gani, kama mfumo ndio ulioirudia herufi hiyo, na muda kwa milisekunde. Usichape nywila yoyote wakati huo. Tuwekee sehemu moja ya a iliyojirudia na moja ya n.

Bi_Tarakimu

Naomba nichomekee neno kabla hatujaendelea, kwa sababu ushauri wa "zima Sticky Keys" hutolewa kana kwamba ni takataka iliyosahaulika ndani ya kompyuta. Mimi nina mtetemeko wa mikono, na bila Sticky Keys siwezi kuandika herufi kubwa wala kunakili aya moja. Anayesumbuliwa na kisanduku kile azime njia ya mkato ya Shift mara tano, ambayo ina swichi yake pembeni, na kipengele chenyewe akiache kwa wanaokihitaji, hasa katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi.

Nami nina swali la herufi maradufu, ila chanzo changu kinajulikana: kidole kinagusa mara mbili. Nitalileta shauri la Karani likishatulia.

Karani_wa_Usiku

Asante, Fundi. Nimefanya ulivyoelekeza. Hapa nilikuwa naandika "kazi":

```
keydown KeyA false 10412
keydown KeyA true 10664
keydown KeyA true 10698
keydown KeyA true 10731
keyup KeyA false 10749
```

Na hapa nilikuwa naandika "kuna":

```
keydown KeyN false 15203
keyup KeyN false 15281
keydown KeyN false 15289
keyup KeyN false 15297
```

Kuhusu mkono wa kushoto, umenishangaza. Kifundo changu kilifungwa plasta baada ya kuanguka, na ingawa plasta ilishatolewa, vidole viwili bado ni vizito kuinuka. Sikulitaja kwa sababu katika kompyuta ya zamani nilichapa na mkono huuhuu bila shida.

Fundi_Vitufe

Pole kwa mkono, na asante kwa vipimo, kwa kuwa vinasema kila kitu.

Tuanze na a. Kidole kiliteremka kwenye 10412 na kuinuka kwenye 10749, yaani kitufe kilishikiliwa kwa milisekunde 337. Mstari wa pili una neno `true`, maana yake si wewe uliyebonyeza tena, ni mfumo uliorudia, na ulifanya hivyo milisekunde 252 baada ya mbonyezo wa kwanza. Baada ya hapo ukaendelea kurudia kila baada ya milisekunde 33 au 34, hadi ulipoachia. Jumla ni a nne, sawasawa na "kaaaazi" yako.

Sasa angalia namba hizo zinatoka wapi. Katika dirisha linalofunguliwa na `control keyboard` kuna vitelezi viwili. Repeat delay ni subira kabla ya marudio ya kwanza, na ina vituo vinne tu, kuanzia takriban milisekunde 250 upande wa Short hadi takriban sekunde 1 upande wa Long. Repeat rate ni kasi ya marudio yanayofuata, kuanzia takriban herufi 2.5 kwa sekunde hadi takriban 30. Milisekunde 252 na 33 zinaonyesha kwamba kompyuta hiyo imewekwa kwenye subira fupi kuliko zote na kasi kubwa kuliko zote. Aliyeitumia kabla yako huenda aliipenda hivyo kwa michezo au kwa kuandika programu. Windows yenyewe huja na subira ya kituo cha pili, takriban milisekunde 500, na hiyo ndiyo sababu mkono huohuo haukukusumbua kwenye kompyuta ya zamani: milisekunde 337 ni chini ya 500.

Kwa hiyo sogeza Repeat delay hadi Long, kisha bofya Apply. Repeat rate iache ilivyo. Chini ya vitelezi kuna kisanduku cha kujaribia, ila mimi ningerudi kwenye kile kipimo cha kivinjari, kwa sababu hapo utaona kama neno `true` limetoweka.

Suala la n ni jingine kabisa. Mstari wa tatu una `false`, kwa hiyo si mfumo uliorudia. Uliachia kwenye 15281 na kitufe kikabonyezwa tena baada ya milisekunde 8, kikaachiwa tena baada ya nyingine 8. Hakuna kidole cha binadamu kinachoinuka na kurudi kwa muda huo. Huo ni mruko wa mguso, na kitelezi chochote cha dirisha lile hakitaugusa.

Mzee_wa_Mipangilio

Fundi, nakuheshimu, lakini hapo kwenye kasi sikubaliani nawe. Nilipunguza Repeat rate na misururu ikaisha. Kwa nini unamwambia aiache kubwa?

Fundi_Vitufe

Mzee wangu, misururu iliisha kweli, ila herufi ya ziada huenda ilibaki. Chukua kipimo kilekile cha Karani na uweke kasi ya chini kabisa, huku subira ikibaki 250. Kidole kinashuka, milisekunde 252 zinapita, na marudio ya kwanza yanatoka kama kawaida, kwa kuwa subira haijabadilika. Marudio ya pili yangekuja milisekunde 400 baadaye, lakini kidole kimeshainuka kwenye 337. Kwa hiyo badala ya "kaaaazi" atapata "kaazi", na badala ya "kupaaaa" atapata "kupaa".

Kwa mwandishi wa Kiswahili hilo ni baya zaidi kuliko msururu. Lugha yetu ina kufa na kufaa, kupa na kupaa, na kikagua tahajia hakiwezi kujua ulikusudia lipi. Msururu wa herufi nne ni kosa linalojitangaza, lakini irabu moja ya ziada hupita hadi kwa msomaji. Kupunguza kasi kunafupisha kosa bila kulizuia. Kuongeza subira ndiko kunakolizuia lisianze.

Sababu nyingine ya kuiacha kasi ni kwamba kitufe cha kufutia na mishale huitumia hiyohiyo. Ukiiweka kwenye 2.5 kwa sekunde, kufuta mstari mmoja ni kusubiri kweli.

Mzee_wa_Mipangilio

Nimepima. Nimepata marudio moja katika sentensi mbili, kwenye herufi l. Sikuwa nikiyaona kwa sababu nilidhani ni vidole vyangu. Subira yangu sasa iko kituo cha tatu, maana Long imenichosha: kitufe cha kufutia kinakaa sekunde nzima kabla ya kuanza kazi.

Fundi_Vitufe

Kituo cha tatu ni takriban milisekunde 750, na kama mibonyezo yako mirefu haifiki hapo, umechagua vizuri. Kanuni ninayoifuata ni kutafuta mbonyezo mrefu kuliko yote katika aya moja niliyochapa kwa uzembe, kisha kuweka subira juu yake kwa nafasi ya kutosha. Kwa kufuta, zoea Ctrl pamoja na kitufe cha kufutia, ambayo huondoa neno zima kwa mguso mmoja, na subira haitakusumbua tena.

Seva_ya_Mbali

Kwangu tatizo ni hilohilo lakini hakuna kitelezi kilichonisaidia. Ninaposimamia mashine za VMware kupitia dirisha la konsoli, na mtandao ukiwa mzito, amri ninayoandika hujaa herufi kumi au ishirini za aina moja. Kibodi ni mpya na mikono ni mizima. Kwenye kompyuta yangu mwenyewe kila kitu kiko sawa.

Fundi_Vitufe

Kwako kidole kinaachia kwa wakati, ila habari ya kuachia ndiyo inayochelewa. Kibodi ya USB haitumi herufi zinazojirudia. Inatuma tu hali ya vitufe, kipi kiko chini na kipi kimeinuka, na marudio hutengenezwa na mfumo unaopokea. Katika konsoli ya mbali mfumo unaopokea ni ule wa mashine ya ndani. Unapata taarifa kwamba kitufe kimeshuka, unaanza kuhesabu subira yake, na taarifa ya kuinuka ikikwama kwenye mtandao kwa nusu sekunde, wenyewe unaamini bado umekishikilia. Ndiyo maana mipangilio ya kompyuta yako haina nguvu hapo.

Zima mashine ya ndani, kisha ongeza mstari huu katika faili lake la `.vmx`:

```
keyboard.typematicMinDelay = "2000000"
```

Kipimo chake ni maikrosekunde, kwa hiyo hiyo ni subira ya sekunde 2. Ikiwezekana, ingia kwa SSH badala ya konsoli. Huko kinachosafiri ni herufi yenyewe, si hali ya kitufe, kwa hiyo mtandao mzito utaichelewesha bila kuizidisha. Kibodi zisizo na waya zinaweza kuonyesha dalili ya aina hiyohiyo, betri inapokuwa dhaifu au mawimbi yakiingiliwa: kipimo kitaonyesha `true` nyingi huku `keyup` ikifika baadaye sana kuliko ulivyoachia.

Tasnifu_Mwezi_Ujao

Samahani kwa kuingilia. Mimi herufi zangu haziongezeki, zinapotea. Nikichapa kwa kasi yangu ya kawaida hakuna kinachotoka, hadi nikandamize kila kitufe kwa muda. Ilianza ghafla nilipokuwa nasoma huku mkono umeegemea kibodi. Nimewasha upya, haikusaidia.

Bi_Tarakimu

Mwanangu, hiyo ni Filter Keys. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows hutoa mlio na kuuliza kama uiwashe, na mtu asiyeangalia skrini hukubali kwa kubonyeza Enter tu. Nenda kwenye Settings, Accessibility, Keyboard, uizime, na uzime pia njia yake ya mkato ili isirudi. Mimi iliniwakia mara nyingi, kwa kuwa huegemeza mkono upande huo.

Tasnifu_Mwezi_Ujao

Imekubali, shikamoo na asante sana, mama. Nilikuwa karibu kununua kibodi.

Karani_wa_Usiku

Narudi na matokeo. Subira iko Long, na katika kurasa ambazo nimechapa leo hakuna a wala e iliyojirudia. Kipimo hakina `true` hata moja isipokuwa pale ninapofuta. Herufi n bado inaongezeka, tena imekuwa mbaya zaidi. Nifanyeje? Kibodi ni ya ofisi na si rahisi kubadilishiwa kwa haraka.

Sabuni_ya_Unga

Sasa ni zamu yangu. Ng'oa kofia ya n, usafishe.

Fundi_Vitufe

Hapa Sabuni yuko sahihi. Kitufe kimoja tu kikiruka huku jirani zake wakiwa wazima, chanzo huwa ni mguso wa kitufe hicho, ama kwa uchafu ama kwa uchakavu. Angalia tu aina ya kibodi kabla ya kung'oa, kwa sababu kofia za kibodi za laptopu zina vishikizo vyembamba vinavyovunjika kwa mkono wa haraka. Kila kibodi ina subira yake ndogo ya ndani ya kupuuza mruko wa kawaida. Katika programu huria ya QMK, kwa mfano, isipobadilishwa ni milisekunde 5. Mruko wako unapita kiasi hicho, kwa hiyo unatoka hadi kwenye maandishi. Kama umezidi kuwa mbaya baada ya siku chache, sidhani usafi utaumaliza kabisa, ila unaweza kukupa muda.

Wakati unasubiri kibodi nyingine, unaweza kuuchuja kwa Filter Keys, katika sehemu yake ya kupuuza mibonyezo inayojirudia. Tatizo ni kwamba orodha ya muda katika dirisha lake huanza na nusu sekunde, na hiyo ni ndefu mno kwa lugha yenye irabu pacha. Ukiiwasha ilivyo, "juu" itakuwa "ju" na "mzee" atakuwa "mze". Chapa "saa" mara kadhaa kwenye kipimo utazame pengo kati ya kuachia a ya kwanza na kubonyeza ya pili. Kwa wachapaji wengi niliowapima, pengo hilo liko karibu na milisekunde 80 na kuendelea. Mruko wako ni 8. Kwa hiyo kichujio cha milisekunde 40 kinapita katikati bila kugusa upande wowote.

Washa kwanza kipengele hicho kwenye Settings, kisha andika thamani hiyo kwa amri ifuatayo, utoke kwenye akaunti yako na uingie tena:

```
reg add "HKCU\Control Panel\Accessibility\Keyboard Response" /v BounceTime /t REG_SZ /d 40 /f
```

Kisha rudi kwenye kipimo. Kivinjari hupokea vitufe baada ya mfumo kuvichuja, kwa hiyo kama imefanya kazi, ule mbonyezo wa pili wa n hautaonekana. Hakikisha pia irabu pacha zinatoka zote, na jaribu kukishikilia kitufe cha kufutia, kwa kuwa kichujio hiki katika Windows hakikuundwa kutumika sambamba na mipangilio mingine ya Filter Keys.

Karani_wa_Usiku

Pengo langu fupi kuliko yote kwenye "saa" ni 96. Nimeweka 40. Nimeandika "kuna", "manufaa" na "nani" mara nyingi, n imetoka moja moja, na "juu", "mzee" na "choo" zote ni kamili. Kibodi nyingine nimeshaiomba kwa barua, na nimeambatisha ile mistari minne ya n kama ushahidi.

Bi_Tarakimu

Kwa kuwa ya Karani yametulia, nami niulize. Ninatumia Linux yenye GNOME. Kidole changu kinapotetemeka, pengo kati ya mguso wa kwanza na wa pili ni kati ya milisekunde 110 na 260. Irabu pacha ninazozikusudia huja na pengo la 180 hadi 350. Nimeweka hivi:

```
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard bouncekeys-enable true
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard bouncekeys-delay 270
```

Maandishi yamesafika, lakini "kufaa" yangu hutoka "kufa" nikisahau kupunguza mwendo. Kuna thamani iliyo bora?

Fundi_Vitufe

Kwa vipimo hivyo, hapana, kwa sababu makundi mawili yanaingiliana kati ya 180 na 260. Thamani yoyote utakayoiweka hapo itapitisha baadhi ya mitetemo au itakata baadhi ya irabu. Huwezi kuyatenganisha kwa pengo peke yake.

Tazama kitu kingine katika kipimo chako: muda ambao kila mbonyezo umekaa chini, yaani tofauti ya `keydown` na `keyup`. Kama mguso wa mtetemeko hukaa kifupi kuliko mbonyezo wa kukusudia, unaweza kuchuja kwa urefu wa mbonyezo, na kulishusha lile pengo.

Bi_Tarakimu

Mguso wa mtetemeko hukaa 25 hadi 60. Wa kukusudia, 90 na zaidi, isipokuwa kitufe cha nafasi, ambacho nakigusa kwa dole gumba na mara nyingi hakifiki 70.

Fundi_Vitufe

Basi jaribu hivi:

```
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard slowkeys-enable true
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard slowkeys-delay 65
gsettings set org.gnome.desktop.a11y.keyboard bouncekeys-delay 120
```

Kila herufi itachelewa milisekunde 65 kuonekana, kiasi ambacho wengine hawakihisi na wengine huwaudhi.

Bi_Tarakimu

Nimechapa nayo mchana mzima. Irabu pacha zimerudi, mitetemo inayopenya ni michache, na ucheleweshaji sikuuhisi. Lakini maneno yameanza kushikana, kwa kuwa kitufe cha nafasi kinapuuzwa kila dole gumba likigusa kwa wepesi. Nikishusha hadi 55 nafasi zinarudi, na mitetemo nayo inarudi. Kwa sasa nimebaki na 60, na ninatafuta njia ya kuwa na kipimo cha peke yake kwa kitufe cha nafasi.

Seva_ya_Mbali

Kipimo cha kitufe kimoja sijakiona kwenye GNOME. Kwenye kibodi inayotumia QMK huenda ukaandikiwa, ila hapo itabidi kibodi yenyewe ibadilishwe. Bi, kibodi yako ni ya aina gani?